Mahali pa bùdàn

Katika Kichina, anayeanza sentensi kwa suīrán, "ingawa", hudaiwa dànshì, "lakini", au neno la aina yake. Kinachosumbua zaidi wanafunzi ni bùdàn… érqiě, "si tu… bali pia". Mtenda akiwa mmoja, bùdàn huja baada yake: Tā bùdàn huì shuō Hànyǔ, érqiě huì xiě Hànzì, yaani hajui kusema Kichina tu, bali pia kukiandika. Watenda wakiwa wawili, bùdàn huja kwanza: Bùdàn tā huì shuō, érqiě tā dìdi yě huì shuō, si yeye tu anayekisema, hata mdogo wake wa kiume. Jambo zito zaidi hukaa baada ya érqiě. Kuandika ni kugumu kuliko kusema. Ukivibadilisha, hoja inashuka badala ya kupanda.