Sukari ya Rongo na mstari uliosogezwa bure

Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa magharibi mwa Kenya kwa miezi kadhaa, kwa sababu miwa iliyokuwa ikifikishwa viwandani ilikuwa bado michanga. Rongo, mji wa Migori jirani na kiwanda cha Sony cha Awendo, uko katikati ya mashamba hayo. Sukari ikapanda bei, hata sisi huku Pwani tukaihisi kwenye chai.

Kisa hiki ni swali zuri la mtihani: chora mistari ya mahitaji na ugavi wa sukari, uonyeshe lililotokea. Tuchukue hesabu za mfano tu, si bei za soko. Kabla ya viwanda kufungwa, mistari inakutana kwenye shilingi 150 kwa kilo, magunia 200. Ugavi ukapungua kwa magunia 100 katika kila bei, basi mstari wake wasogea kushoto. Kwa bei ile ile ya 150 wateja wangali wataka magunia 200, na yapo 100 tu. Upungufu huo wapandisha bei, na kadiri inavyopanda ndivyo wateja wanavyojinyima na wauzaji wanavyotafuta mzigo zaidi, hadi wakutane kwenye shilingi 175, magunia 150.

Sasa msahihishaji ashike karatasi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwanafunzi kuandika, "bei imepanda, kwa hiyo mahitaji yamepungua," kisha akausogeza na mstari wa mahitaji kushoto. Akiusogeza kwa magunia 100, nukta mpya inaangukia shilingi 150, bei ile ile ya zamani! Maelezo yake yasema bei imepanda, mchoro wake wakana. Hapo ndipo msahihishaji ajue kwamba kijana hakutofautisha kuteremka juu ya mstari ule ule na mstari wenyewe kuhama. Bei ya sukari yenyewe haiuhamishi mstari wa mahitaji ya sukari. Unahamishwa na mambo mengine, kama kipato cha watu au bei ya asali.

Mwengine husogeza ugavi sawasawa, ila huandika kiasi kipya ni magunia 100. Huyo amesoma upungufu kwenye bei ya zamani, hakufuata mistari hadi inapokatana. Ukitazama, mara nyingi hakuteremsha vile vistari vya nukta hadi kwenye mihimili.

Mimi simpi sifuri yeyote kati yao. Wa pili apate alama ya kusogeza ugavi, akose ya nukta ya usawa. Wa kwanza naye ana alama ya ugavi, na kama amesoma kwa usahihi nukta ya mchoro wake mwenyewe, sioni haki kumkata mara mbili kwa kosa moja. Ila alama za maelezo hapati, kwani hayakubaliani na alichokichora.