Bakuli la Mtindi na Misuli Inayojijenga Usiku

Chota mtindi kwa kijiko, rudi baada ya saa moja. Shimoni utakuta maji ya rangi ya manjano hafifu yamejitenga na donge. Donge limeshikwa na kaseini, ambayo ni takriban asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Protini iliyomo katika yale maji inaitwa wei, nayo ni asilimia 20 iliyobaki.

Tumboni mambo huwa hivyo hivyo. Asidi huigandisha kaseini, ikawa inameng'enywa polepole. Wei haigandi, hivyo hupita upesi. Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa amino asidi za wei hufurika katika damu na kupungua baada ya muda mfupi, ilhali za kaseini huingia kidogo kidogo kwa saa kama saba. Ndipo wanamazoezi wakasema: usiku mrefu unataka kaseini.

Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi kiliwapima vijana waliobeba vyuma jioni. Waliokunywa gramu 40 za kaseini kabla ya kulala walijenga protini ya misuli usiku kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 22 ile ya wenzao ambao hawakupewa. Mwaka 2015 jaribio la wiki 12 likaonyesha kuwa wanaopewa protini usiku huongeza nguvu na misuli zaidi. Lakini kulikuwa na kasoro: wenzao hawakupewa protini hiyo saa nyingine yoyote. Je, kilichosaidia ni usiku, au ni kula protini zaidi kwa siku nzima?

Kisha mwaka 2023 gramu 45 za kaseini zikalinganishwa na gramu 45 za wei, zote zikinywewa kabla ya kulala baada ya mazoezi ya kuendesha baiskeli. Zote mbili ziliongeza ujenzi wa misuli, na hakuna iliyoishinda nyingine.

Sasa tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 anayebeba vyuma anatosheka na gramu 1.6 kwa kila kilo, yaani gramu 112 kwa siku. Asubuhi amekula mayai mawili na kikombe cha maziwa: gramu 20. Mchana, ugali na maharage: 27. Jioni, wali na kipande kikubwa cha samaki: 40. Jumla ni 87, amepungukiwa na 25. Robo tatu lita ya mtindi inaliziba pengo hilo, na kabla ya kulala ni wakati mzuri wa kuunywa. Lakini kama mchana aliongeza nyama akafika 112, bilauri ya usiku haina pengo la kuziba.

Maziwa yakikuvimbisha tumbo, mayai au samaki wa jioni wanatosha. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Wala usiipime bilauri hiyo kwa maumivu ya asubuhi: majaribio haya yalipima ujenzi wa misuli, na huo huonekana baada ya wiki kadhaa, pale uzito uliokushinda unaponyanyuka.