Mzigo Umefika Pungufu: Namna ya Kumwandikia Muuzaji wa Jumla

Mzigo umeshushwa, dereva ana haraka, makuli wanadai chao, na mwenye duka anaona katoni moja haipo na mfuko mmoja wa sukari umeloa. Hapo wengi humpigia simu muuzaji wa jumla, huongea kwa hasira, huambiwa "tutaangalia", na mambo huishia hapo. Kazi yangu ni kupitia vitabu vya hesabu vya wauza maduka, na hasara za namna hii nazikuta zimelala humo miezi mingi baadaye, zikiwa hazina karatasi hata moja ya kuzithibitisha. Barua iliyoandikwa mapema huokoa sehemu kubwa ya fedha hizo, ila nayo hutegemea kilichofanyika mlangoni kabla gari halijaondoka.

Tuchukue mfano wa duka la rejareja Morogoro lililoagiza mzigo Kariakoo kwa mali kauli, malipo baada ya wiki mbili. Ankara ina vitu vitatu. Sukari mifuko 6 ya kilo 50, kila mfuko shilingi 130,000. Mafuta ya kula katoni 10 zenye chupa 12 za lita moja, kila katoni 60,000. Sabuni ya unga katoni 8 zenye pakiti 24 za nusu kilo, kila katoni 36,000. Jumla ni shilingi 1,668,000. Gari ni la muuzaji mwenyewe, na linashusha mzigo mlangoni.

Kuna kasoro tatu, na kila moja ina ushahidi wake. Katoni za mafuta ni 9 badala ya 10, jambo linaloonekana kwa kuhesabu tu. Katoni moja ya sabuni ina pakiti 18 badala ya 24, na hilo halionekani kwa nje. Mfuko mmoja wa sukari umeloa. Mwenye duka akizifunga zote katika sentensi moja ya "mzigo mlioleta ni mbovu na pungufu", anampa muuzaji nafasi ya kubisha moja na kuziangusha zote.

Katoni ya mafuta ndiyo rahisi. Hati ya kupokelea mzigo ina nakala mbili, moja ya dereva na moja ya duka. Kabla ya kusaini, andika kwenye nakala zote mbili, kando ya mstari wa mafuta: "Zimepokewa katoni 9, pungufu katoni 1." Dereva atie saini chini ya maneno hayo. Akikataa, andika kwamba amekataa, weka saa na namba ya gari, na mtu mwingine aliyeshuhudia asaini. Ukisaini hati ikiwa safi, umekiri kwa maandishi kwamba umepokea katoni 10, na barua utakayoandika kesho itapingana na saini yako ya leo.

Katoni ya sabuni ni ngumu zaidi. Dereva hawezi kungoja ufungue kila katoni, naye ana haki katika hilo. Lakini mzani upo dukani. Pakiti 24 za nusu kilo ni kilo 12 kabla ya uzito wa boksi lenyewe. Zikipungua pakiti 6, katoni inakuwa nyepesi kwa kilo 3 kuliko wenzake. Pandisha katoni zote 8 kwenye mzani moja baada ya nyingine, na iliyo nyepesi itajitenga. Kisha itazame gundi yake. Katoni iliyofunguliwa mara nyingi huwa na tepu mbili, mpya juu ya ya zamani, na chini ya tepu mpya karatasi ya boksi imechunika. Ipige picha kabla hujaifungua, ifungue mbele ya dereva, hesabu. Kama gari limeshaondoka, basi angalau uwe umeandika kwenye hati: "Katoni za sabuni zimepokewa zikiwa zimefungwa, yaliyomo hayajahesabiwa." Maneno hayo yanakupa nafasi ya kuhesabu jioni ileile au kesho asubuhi. Hayakupi wiki nzima. Katoni iliyokaa dukani siku sita ikiwa imefunguliwa, wateja na wasaidizi wa duka wakipita, haina tena mtu wa kuaminika wa kuisemea.

Sukari nayo inataka jicho la karibu, kwa sababu pamoja na kujua kwamba imeloa, unataka kujua imeloa lini. Mfuko ulionyeshewa njiani huwa bado una unyevu kwa nje, unanata, na sukari ya upande huo ni laini kama uji mzito. Mfuko ulioloa stoo siku nyingi nyuma huwa umeshakauka: ukiugonga unasikia bonge gumu ndani, na kwa nje kuna doa lenye ukingo wa rangi ya chai, mara nyingi upande wa chini, uliokaa sakafuni. Tofauti hii ndiyo inayoamua nani wa kudaiwa pale gari linapokuwa si la muuzaji. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, muuzaji akikabidhi mali kwa msafirishaji ili ipelekwe kwa mnunuzi, kwa kawaida inahesabika ameshamkabidhi mnunuzi, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kama umemtafuta mwenye Fuso mwenyewe na mvua ya Chalinze imekulowesha mfuko, dai lako la sukari linamhusu mwenye Fuso. Katoni ambayo haikupakiwa kabisa Kariakoo, au mfuko uliotoka stoo ukiwa tayari una bonge, bado ni wa muuzaji. Katika mfano wetu gari ni la muuzaji na makubaliano ni kufikisha mlangoni, kwa hiyo hoja hiyo haisumbui.

Sheria hiyohiyo inasema mambo mengine mawili ambayo barua inapaswa kuyajua. La kwanza, mnunuzi akiletewa pungufu anaweza kukataa mzigo wote, lakini akiamua kuupokea anaulipia kwa bei ya makubaliano kulingana na alichopata. Wenye maduka wachache watakataa mzigo mzima kwa ajili ya katoni moja, wala siwashauri. La pili, mnunuzi hahesabiki amekubali bidhaa mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuzikagua; ila akikaa nazo muda mrefu bila kusema lolote, au akizitumia kama mali yake, amezikubali. Maana yake kwa mfuko ulioloa ni kwamba uwekwe pembeni, usianikwe, usipimwe kilokilo kwa wateja. Ukishauza kilo tano, huwezi tena kusema umeukataa. Utabaki na dai la kupunguziwa bei kwa ubovu wake, na dai hilo lina mabishano zaidi. Kuurudisha Kariakoo kwa nauli yako si lazima. Kwa sheria inatosha umjulishe muuzaji kwamba umeukataa.

Sasa barua. Mzigo umefika tarehe 9 Machi jioni, barua iwe ya tarehe 10.

"Ndugu Meneja,

YAH: UPUNGUFU NA UHARIBIFU WA MZIGO ULIOPOKEWA TAREHE 9 MACHI

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Nilipokea mzigo wa ankara yenu ya tarehe 8 Machi ukiwa na kasoro zifuatazo, ambazo dereva wenu amezishuhudia na kuzisaini kwenye hati ya kupokelea mzigo.

Mafuta ya kula: ankara katoni 10, zimefika katoni 9. Pungufu katoni 1, shilingi 60,000.

Sabuni ya unga: katoni 1 kati ya 8 ilikuwa na tepu mbili. Ilifunguliwa mbele ya dereva na kukutwa na pakiti 18 badala ya 24. Pungufu pakiti 6 kwa shilingi 1,500, sawa na shilingi 9,000.

Sukari: mfuko 1 kati ya 6 umeloa upande wa chini na umeganda. Nimeukataa. Nimeutenga, haujafunguliwa, naomba gari lenu liuchukue safari ijayo. Shilingi 130,000.

Jumla ya kasoro ni shilingi 199,000. Naomba mnipunguzie kiasi hicho kwa maandishi, ili deni la ankara liwe shilingi 1,469,000, ambalo nitalilipa tarehe tuliyokubaliana. Naomba jibu lenu kabla ya tarehe 16 Machi.

Nimeambatanisha nakala ya hati ya kupokelea mzigo na picha nne.

Wako katika biashara,
Mmiliki wa duka"

Angalieni kisichokuwemo. Hakuna neno "mmeniibia". Mwenye duka hajui kama katoni ilibaki stoo kwa bahati mbaya, ilishushwa kimakosa kwa mteja wa Mlandizi, au imechukuliwa na mtu. Akiandika wizi, mtunza stoo atajitetea, meneja atamtetea mtu wake, na mazungumzo yatahama kutoka kwenye katoni kwenda kwenye heshima. Picha ya tepu mbili inamwambia meneja kila anachohitaji, naye atajua wa kumuuliza.

Ombi nalo ni moja. Nimeona barua zinazoomba fidia, au mzigo mwingine, au punguzo, "au vyovyote mtakavyoona". Muuzaji akiachiwa achague, huchagua kungoja. Kwa mwenye mali kauli, punguzo la deni kwa kawaida ndilo bora, kwani halitegemei safari ya gari wala bei ya wiki ijayo. Anayetaka bidhaa zenyewe kwa kuwa rafu zimebaki tupu, aombe bidhaa na ataje siku.

Kuna wanaoona barua ni usumbufu, hivyo siku ya kulipa hukata 199,000 kimyakimya na kutuma kilichobaki. Hili linawaumiza wao wenyewe. Kwenye daftari la muuzaji deni la 199,000 linabaki likisomeka, na ukirudi kuchukua mali kauli utaonekana mdaiwa sugu. Vilevile risiti ya mashine ya EFD ilishatolewa kwa 1,668,000. Bila hati ya muuzaji inayoonyesha punguzo, vitabu vyako vina manunuzi ambayo stoo haina, na mkaguzi wa TRA atakuuliza bidhaa hizo umeziuzia wapi.

Barua ipigwe picha na kutumwa kwa WhatsApp siku hiyohiyo, ili muda wa kufika uonekane, kisha karatasi yenyewe ipelekwe na mtu anayeshuka Dar es Salaam, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mara nyingi jibu litakuja kwa simu: "Usijali, tutakufidia mzigo ujao." Pokea kwa shukrani, halafu kabla ya kulala tuma ujumbe: "Kama tulivyoongea leo saa nne asubuhi, mmekubali kupunguza shilingi 199,000 kwenye ankara ya tarehe 8 Machi." Asipopinga, ujumbe huo uchapishe na uubane pamoja na ankara, hati ya kupokelea mzigo na nakala ya barua. Mfuko wa sukari ubaki pale ulipo mpaka gari lije kuuchukua.