Nembo kwenye cheti cha kocha: ni ya nani, na imethibitisha nini?

Tangazo la aina hii limeshapita kwenye makundi mengi ya WhatsApp ya maofisa rasilimali watu, Nairobi na Dar es Salaam. Siku tatu hotelini, chai na chakula cha mchana vimo, na mwisho wake unatoka na cheti cha kocha wa watendaji kinachotambulika kimataifa. Chini ya bango zimepangwa nembo nne. Mnunuzi anaziona, anaridhika, anaomba ankara.

Nembo hizo zina kazi kubwa kwa sababu hakuna kingine cha kuegemea. Wakili ana leseni ya kisheria na muuguzi ana baraza lake, lakini kocha wa kazi au wa maisha anaweza kuchapisha kadi leo jioni na kesho akaanza kutoza. Pengo hilo limezibwa na vyama vya wanataaluma wenyewe. Kikubwa kuliko vyote ni Shirikisho la Kimataifa la Ukocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Kwa upande wa ulezi wa kikazi, yaani mzoefu kumshika mkono mgeni kazini, jina zito ni EMCC la Ulaya, lenye mizizi katika kituo cha ulezi kilichoanza mwaka 1992. Hakuna serikali iliyowapa mamlaka. Uzito wao umetokana na waajiri kukubali vyeti vyao, na pia na kwamba masharti yao yameandikwa hadharani, kwa hiyo yeyote anaweza kuyakagua.

Tuyakague basi, tukiwa na lile tangazo mkononi.

Tuseme nembo ya kwanza ni ya ICF, na pembeni yake imeandikwa "CCE 18". Nembo si ya kughushi. Siku tatu za saa sita ni saa 18, hesabu imekaa sawa. Ila CCE ni alama za kujiendeleza kwa mtu ambaye tayari ana daraja la ICF, na anazihitaji 40 kila baada ya miaka mitatu ili lisife. Kwa anayeanza, hazimpeleki popote peke yazo. Kozi inayompeleka kwenye daraja la kwanza, ACC, huitwa Level 1, na hiyo ina angalau saa 60 za masomo. Juu yake ipo Level 2, kuanzia saa 125, ya daraja la PCC.

Kinachofichua zaidi ni kalenda. Ndani ya Level 1 mwanafunzi hupata saa 10 za kulelewa na kocha mwenye daraja, anayesikiliza namna anavyoendesha mazungumzo na kumrudishia maoni. Angalau saa tatu kati ya hizo ni za watu wawili tu, na zote lazima zitandazwe kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa hiyo chuo kinachoahidi kukumaliza Level 1 kwa wiki moja kimekwisha kujifunga kwa maneno yake, hata kabla hujafungua tovuti. (Saa hizo 10, kwa bahati mbaya, kwa Kiingereza zimepewa jina linalofanana na la ulezi wa kazini, na wapo wanaoziuza kama cheti cha mlezi. Sivyo zilivyo.)

Tumchukue sasa mwanafunzi mwangalifu: amekipita kile cha siku tatu, amesoma Level 1 ya kweli. Bado hana ACC. Chuo ndicho chenye ithibati, yeye ana cheti cha kuhitimu. Atahitaji saa 100 za kufundisha wateja halisi, wasiopungua wanane, na 75 kati ya hizo ziwe za kulipwa, kisha mtihani wa ICF. Wengi hukwama kwenye saa za kulipwa, wala si darasani, na vyuo vichache husema hivyo kabla ya kupokea ada. Swali linalofaa kuulizwa kwa barua pepe ni hili: kati ya waliohitimu kwenu miaka miwili iliyopita, wangapi wana ACC leo? Chuo kinachofuatilia wanafunzi wake kina jibu.

Hata mnyororo huu bora una pete dhaifu, na ni haki kuitaja. Mwombaji aliyesoma vipande vipande huwasilisha ICF rekodi ya mazungumzo yake ili ipimwe na wakaguzi wa nje. Aliyehitimu Level 1 au Level 2 haiwasilishi, kwa kuwa chuo chake kimeshampima. Aliyepokea ada ndiye anayesema umefaulu. Kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha watu, ISO/IEC 17024, kinaogopa hasa mchanganyiko huo wa mkufunzi na mpimaji. Mtihani wa mwisho hupunguza hatari, kwa sababu chuo hakiutungi wala hakiusahihishi. Ndiyo maana nakiamini cheti cha mtu binafsi kuliko ithibati ya chuo, tofauti na wanunuzi wengi wanavyofanya.

Nembo ya pili: CPD, kutoka Uingereza. Hapa kampuni binafsi hulipwa, husoma maelezo ya kozi, na kukubali kwamba yanafaa kuhesabiwa kama saa za kujiendeleza. Si uongo, lakini hakuna aliyempima mwanafunzi. Ya tatu ni namba ya tarakimu nane ya UKRLP, daftari la watoa mafunzo wa Uingereza. Daftari hilo huthibitisha kwamba taasisi ipo kisheria, basi. Ubora wa mafunzo si kazi yake.

Ya nne ni NITA ya Kenya, na hii ina faida halisi ya fedha. Waajiri huchangia shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wakipeleka watu kwa mkufunzi aliyesajiliwa wanaweza kudai kurudishiwa gharama. Kwa mhasibu ni habari njema. Kuhusu kama mkufunzi anajua ukocha, usajili huo haukuandikwa kwa ajili hiyo. Tanzania nako, anayetaka cheti chenye nafasi katika mfumo wa elimu ya taifa ataanzia kwa NACTVET, lakini hilo ni swali tofauti na lile la ustadi.

Halafu kuna mabaraza yanayojiita ya kimataifa ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Kama linadai makao yake ni Uingereza, fungua Companies House, andika jina, na bila malipo utaona tarehe ya kusajiliwa na majina ya wakurugenzi. Mkurugenzi wa baraza akiwa ndiye mwenye chuo, umepata jibu. Dalili nyingine ni baraza kutokuwa na masharti yoyote yaliyochapishwa, au kutokuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko dhidi ya kocha.

Kosa la gharama kubwa hufanyika kwenye hati za zabuni. Ukiandika "kocha awe na cheti kinachotambulika kimataifa", bango la siku tatu limeshafuzu. Andika badala yake: "awe na ACC au zaidi, au daraja linalolingana nalo la EMCC, liwe hai siku ya kufungua zabuni, na jina lake lionekane kwenye orodha ya mtoaji." Kisha mtu wa manunuzi afungue coachingfederation.org na kutafuta jina mwenyewe, asitegemee nakala iliyoambatishwa. Daraja la ICF hudumu miaka mitatu, na nakala ya cheti kilichokwisha muda inaonekana safi vilevile.