Wimbo wa Kuazima Ukumbini

Tarehe 1 Julai 2020 nyimbo za Spotify ziliacha kupigika ndani ya programu ya DJ iitwayo djay. Aliyekuwa amepanga orodha zake humo alijikuta hana wimbo hata mmoja mkononi, kwa kuwa tangu mwanzo hakuwa na faili. Alikuwa na ruhusa ya kusikiliza. Septemba 2025 huduma hiyo ilirudi, safari hii ndani ya djay, Serato na rekordbox, kwa wenye kulipia Premium. Ni habari njema kwa mazoezi na kwa kutafuta nyimbo. Kwa kazi ya ukumbini, bado nashikilia kwamba DJ anahitaji faili zake mwenyewe.

Wapo watakaosema intaneti sasa ni nafuu, na kwa upande wa bando wana haki. Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde ni kama megabaiti 10, hivyo harusi ya saa 6 yenye nyimbo 90 haifiki gigabaiti moja. Taabu iko kwenye mawimbi. Bibi harusi anapoingia, mamia ya simu hurusha video kupitia mnara uleule unaomhudumia DJ. Wimbo uliokwisha kupakiwa wote kwenye deki utaendelea hadi mwisho. Unaofuata ndio utakaokwama, na dalili yake ni mchoro wa sauti unaojaa nusu kisha ukasimama. Hapo ana dakika 3 au 4 za kujiokoa. Nyimbo alizopakua kwenye simu hazitamsaidia, maana zimefungwa kwa ufunguo unaotambuliwa na programu ya huduma yenyewe tu, na Serato haiwezi kuzisoma. Beatport imeruhusu wenye kifurushi chake cha juu kuhifadhi nyimbo za kupiga bila mtandao, lakini ghala lake limeegemea muziki wa klabu wa kielektroniki, na mama wa bwana harusi akitaka taarabu huenda DJ asiipate.

Pingamizi zito zaidi ni la malipo: nalipa kila mwezi, na ukumbi una leseni, basi kosa liko wapi? Ada ya mwezi hununua usikilizaji binafsi usio wa kibiashara. Ndivyo masharti ya Spotify yanavyosema. Leseni ya ukumbi inahusu haki ya kupiga kazi za wasanii hadharani. Haiwezi kubadili mkataba wa DJ na huduma yake, wala mkataba huo hauulipii ukumbi mirabaha. Hata aliyenunua faili kihalali bado anahitaji ukumbi wenye leseni. Anachopata zaidi ni kwamba wimbo ule, mtandao ukikatika au mkataba wa makampuni ukivunjika, ungali kwenye flashi yake.