Gramu Zinazokaa Chini ya Video ya Sabuni

Mama anayeuza sabuni ya mche ya mafuta ya nazi anarekodi video akikoroga, kisha chini yake anaandika: "Mafuta lita moja, kostiki soda gramu 174." Hapo ndipo balaa linapoanzia. Gramu 174 zinafaa kilo moja ya mafuta ya nazi, na huacha mafuta kidogo yasiyogeuka sabuni ili ngozi isikauke. Lakini lita moja ya mafuta hayo ina takriban gramu 920 tu, ambazo humalizwa na kostiki gramu 168. Zilizozidi hubaki ndani ya mche na kuchoma ngozi. Kwa hiyo maelezo yaandikwe kwa gramu, hata maji: gramu 350.

YouTube huonyesha mistari michache tu ya maelezo mpaka mtu abonyeze kuyafungua. Wengi huijaza namba ya simu. Mimi ningetanguliza tahadhari: mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto wakae mbali. Sufuria ya alumini haifai, kostiki huila.

Oda zifuate: uzito wa mche, bei, maeneo unakopeleka, namba ya WhatsApp ya biashara. Taja pia tarehe ya kumimina, kwani sabuni isiyopikwa hukaa wiki nne hivi ikauke kabla ya kuuzwa.