Faili la Wanachama Kabla ya Kuhamia Kwenye Kompyuta

"Ndugu Meneja, tutumie faili la wanachama, tutaliingiza kwenye mfumo wiki hii." Barua pepe ya namna hii kutoka kwa muuza programu ya uhasibu humfurahisha meneja wa SACCOS aliyechoshwa na madaftari. Asiharakishe.

Kwanza ajumlishe akiba za wanachama wote, kisha alinganishe na akaunti ya akiba kwenye leja kuu. Tuseme wanachama wanafika 86,450,000, leja kuu inasema 86,900,000. Pengo ni 450,000, na linagawanyika kwa 9 bila baki. Mhasibu mzoefu hapo hushuku tarakimu zilizopinduliwa, na huenda akakuta 610,000 ya mtu imeandikwa 160,000.

Jumla zikilingana pia, bado kuna mtego: fedha ya Asha wa kwanza iliyoingizwa kwa Asha wa pili haibadilishi jumla hata senti. Hilo hugunduliwa kwa kulinganisha vitabu vya wanachama na leja zao, mmoja mmoja.

Na faili lenye namba za NIDA na simu halitumwi kabla ya mkataba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa majaribio, majina ya kubuni yanatosha.